Anayesema na Anayeona: Nafsi ya Msimulizi katika Riwaya

Wanafunzi wa fasihi wanapoulizwa maana ya mtazamo katika riwaya, jibu linalotolewa upesi ni kwamba riwaya fulani imeandikwa katika nafsi ya kwanza na nyingine katika nafsi ya tatu. Jibu hilo si kosa, ila limeishia mlangoni. Nafsi hutuambia ni nani anayesema. Haituambii ni nani anayeona, wala anaona akiwa wapi na lini. Mfaransa Gerard Genette aliyatenganisha waziwazi maswali haya mawili mwaka 1972, lakini waandishi walikuwa wamekwisha kupambana nayo mezani mwao muda mrefu kabla ya wahakiki kuyapa majina. Ushahidi ulio bora kuliko nadharia yoyote ni ule wa waandishi walioanza riwaya kwa nafsi moja wakaimaliza kwa nyingine, na miswada yao ikasalia. Wawili wanatosha hapa: Fyodor Dostoyevski na Franz Kafka. Mmoja alilazimika kuchoma alichokiandika. Mwingine alikata viwakilishi tu kwa kalamu akaendelea. Tofauti hiyo ndiyo inayostahili kuelezwa.

Katika msimu wa kiangazi wa mwaka 1865 Dostoyevski alikuwa Wiesbaden, Ujerumani, akiwa amepoteza fedha zake zote katika kamari. Hapo alibuni kisa cha kijana aliyefukuzwa chuoni anayemwua ajuza mkopeshaji fedha. Kilipoanza, kisa hicho hakikuwa riwaya ndefu. Kilikuwa hadithi ya kadiri tu, na kilisimuliwa na mwuaji mwenyewe. Madaftari yake yaliyohifadhiwa yanaonyesha jinsi alivyojaribu njia moja baada ya nyingine: mara kijana anaungama, mara anaandika shajara siku chache tu baada ya tendo, mara anakumbuka mambo yaliyopita miaka minane. Kila njia ilitoa kitu na kunyang'anya kingine. Shajara ilileta homa na hofu ya saa ile ile, lakini ni vigumu kuamini kwamba mtu aliyechanganyikiwa kiasi kile angekaa kitako kuandika kurasa kwa mpango. Kumbukumbu ya miaka minane ilimpa msimulizi utulivu wa kupanga maneno yake, lakini mtu aliyetulia amekwisha kujua mwisho wake, na hofu yake imepoa. Dostoyevski mwenyewe aliandika katika madaftari hayo kwamba ungamo lingekuwa na mahali pasipo na staha, na kwamba ingekuwa shida kueleza liliandikwa kwa ajili gani.

Hili ndilo tatizo la msingi la nafsi ya kwanza, na mara nyingi husahauliwa. 'Mimi' wa riwaya si mmoja. Yupo mimi anayetendwa na mambo, na yupo mimi anayekaa baadaye kuyasimulia. Kati yao pana muda, na katika muda huo yule wa pili amejifunza jambo ambalo wa kwanza hakulijua. Mwandishi akiupanua muda huo anapata hekima na anapoteza joto. Akiuziba anapata joto, na msomaji anaanza kuuliza kalamu ilishikwa saa ngapi.

Mwishoni mwa Novemba 1865 Dostoyevski alichoma sehemu kubwa ya kazi hiyo akaanza upya. Habari hizo alizieleza mwenyewe katika barua yake kwa rafiki yake Vrangel mnamo Februari 1866, wakati ambapo sehemu ya kwanza ya riwaya mpya ilikuwa imekwisha kuchapishwa katika jarida la Ruskii Vestnik. Suluhisho aliloliandika katika daftari ni la kushangaza kwa usahihi wake: msimulizi awe ni mtunzi, asiyeonekana na ajuaye yote, lakini asimwache mhusika wake hata kwa dakika moja. Kwa maneno mengine, aliichukua sauti ya nafsi ya tatu akaiweka nyuma ya macho ya kijana. Anayesema amebadilika, anayeona, kwa sehemu kubwa, ni yule yule Raskolnikov.

Kwa sehemu kubwa, si yote. Katika sehemu ya sita ya Uhalifu na Adhabu yumo Svidrigailov, anayepitisha usiku wake wa mwisho katika hoteli duni, ndoto zikimwandama, kisha anatoka alfajiri na kujipiga risasi. Raskolnikov hayupo. Hakuna ye yote ambaye angeweza kuja kumsimulia ndoto zile. Laiti Dostoyevski angeshikilia ungamo lake la kwanza, kurasa hizo zisingeandikika kabisa. Kijana angesikia tu kwamba bwana fulani amejiua.

Miaka hamsini na saba baadaye, yaani mwaka 1922, Kafka alianza kuandika Kasri. Mswada wake, uliohifadhiwa Oxford na kuchapishwa kwa uhariri wa kitaalamu na Malcolm Pasley mwaka 1982, unaonyesha kwamba mgeni anayefika kijijini usiku wa theluji alikuwa 'mimi'. Hali hiyo iliendelea mpaka sura ya tatu. Hapo mgeni na Frieda, mhudumu wa baa, wanajikuta pamoja sakafuni, katikati ya madimbwi ya bia iliyomwagika. Katika tukio hilo kalamu ya Kafka iliacha kuandika 'mimi' ikaanza kuandika 'K.' Kisha alirudi nyuma hadi ukurasa wa kwanza, akikata na kurekebisha. Wapo waliosema kwamba haya ilimshika. Huenda, lakini kisa cha Dostoyevski kuogopa ukosefu wa staha katika ungamo kinadokeza kwamba jambo hili si la tabia ya mtu mmoja tu. Ni shida ya kila 'mimi' anayetakiwa kusimulia mambo ambayo watu hawayasimulii.

Swali kubwa zaidi liliulizwa na Dorrit Cohn mwaka 1968: iliwezekanaje marekebisho hayo yawe madogo kiasi kile? Jibu lake ni kwamba 'mimi' wa Kafka hakuwa na nafsi ya baadaye. Hakusema hata mara moja kwamba leo anajua jambo ambalo siku ile hakulijua. Mtu huyo hakuwa na pa kukaa ili akumbuke. Alikuwa pale tu, akiona. Kwa hiyo alipoondolewa 'mimi' akawekwa 'K.', jicho halikuhama. Dostoyevski alikuwa na msimulizi wa miaka minane baadaye, na msimulizi wa namna hiyo hafutiki kwa kalamu.

Lugha nayo ilisaidia. Katika Kijerumani kitenzi cha wakati uliopita kina umbo lile lile kwa mimi na kwa yeye, na katika Kirusi kitenzi cha wakati huo hakionyeshi nafsi hata kidogo, ila jinsia na idadi. Kafka alikuwa na kiwakilishi tu cha kukata. Kwa Kiswahili mambo ni mengine, na inafaa kulijaribu jambo hili kwa mfano uliobuniwa:

Niliingia hotelini nikaketi karibu na dirisha. Mzee aliyekuwa akinywa chai hakuniangalia. Labda alikuwa ananidharau.

Ukigeuzwa nafsi, unakuwa:

Aliingia hotelini akaketi karibu na dirisha. Mzee aliyekuwa akinywa chai hakumwangalia. Labda alikuwa anamdharau.

Viambishi vinne vimebadilika, na kila kimoja kimo ndani ya kitenzi. Msimulizi wa Kiswahili haonekani mwanzoni mwa sentensi tu. Yumo katika kila tendo, awe mtenda au mtendwa. Tena, sentensi ya mwisho sasa ina utata: ni nani anamdharau mwenziwe? Katika nafsi ya kwanza, ni- na a- zilitenganisha pande mbili bila taabu. Katika nafsi ya tatu watu wawili wanagombea kiambishi kimoja, na mwandishi hana budi kuongeza jina au 'yule mzee'. Lakini akiandika 'yule', amekwisha kusimama mahali fulani na kunyosha kidole; kwa hiyo hata kutatua utata wa sarufi ni kuchagua pa kuonea. Hata hivyo neno 'labda' limevuka salama. Anayekisia bado ni mgeni wa dirishani. Jicho halijahama.

Sasa iongezwe sentensi ya nne: Sikujua wakati ule kwamba mzee huyo ndiye angekuja kunitoa gerezani. Ikigeuzwa kuwa 'Hakujua wakati ule', sarufi haina kasoro, lakini mwenye ujuzi amebadilika. Kwanza alikuwa mgeni yule yule aliyekwisha kuzeeka. Sasa ni mtu wa pembeni anayemwona mgeni kutoka juu. Hapo ndipo jicho linapohama. Mhakiki anayetaka kujua kama nafsi ya riwaya ina uzito wo wote anaweza kuitumia njia hii kwa ukurasa mmoja mmoja: ageuze viambishi, kisha atafute sentensi zinazokataa. Zikiwa chache, basi nafsi si siri ya mtazamo wa riwaya hiyo, na jambo la kuchunguzwa ni jicho.

Katika riwaya ya Kiswahili mahali pazuri pa kuanzia ni kwa Euphrase Kezilahabi, kwani alizitumia nafsi zote mbili katika muda wa miaka mitatu, na kwa mambo yanayofanana. Rosa Mistika ya mwaka 1971 inasimuliwa katika nafsi ya tatu. Kichwamaji ya mwaka 1974 inasimuliwa na Kazimoto, msomi wa Chuo Kikuu. Wahusika wakuu wa riwaya zote mbili wanajiua. Msimulizi wa Rosa Mistika ana uhuru wa kuwa nyumbani kwa Zakaria wakati Rosa yuko shuleni, na kifo cha Rosa hakimfungi mdomo: anaendelea hadi mbele ya Mungu, ambako baba na binti wanakutana tena. Kazimoto hana uhuru huo. Tunachokijua juu ya Manase, aliyemharibia dada yake Rukia, tunakijua kwa kinywa cha mtu mwenye kisasi moyoni. Tunachokijua juu ya Sabina tunakijua kwa kinywa cha mtu aliyemwoa akijua kwamba ni dada yake Manase. Geuza viambishi katika hukumu za Kazimoto juu ya maisha, nazo zitaonekana kuwa hukumu za riwaya yenyewe. Wahakiki kadhaa wamefanya hivyo bila kugusa hata kiambishi kimoja, pale wanapotaja kukata tamaa kwa Kazimoto kana kwamba ni falsafa ya Kezilahabi mwenyewe. Huenda kukata tamaa huko kulikuwa kwake pia, lakini nafsi ya kwanza peke yake haiwezi kuwa shahidi wa jambo hilo.

Kuna sharti jingine ambalo Kezilahabi alijiwekea alipomkabidhi Kazimoto usimulizi. 'Mimi' anayesimulia kwa wakati uliopita humwahidi msomaji, bila kutamka, kwamba aliyapita mambo hayo akawa hai kuyasema. Raskolnikov wa rasimu za kwanza angeweza kuitimiza ahadi hiyo, maana aliokoka. Kazimoto hakuokoka, na kila -li- anayoitamka tangu ukurasa wa kwanza inaliacha wazi swali la mahali anaposimama anapoitamka.