Kwa nini kubadilisha tarakimu moja kwenye risiti, cheti au kitambulisho ni kughushi

KATIKA mtaa wa Mukuru kwa Njenga, eneobunge la Embakasi Kusini jijini Nairobi, saiba ndiyo ofisi ya mwananchi wa kawaida. Humo ndimo vijana wanaotafuta vibarua katika Eneo la Viwanda hupiga chapa barua za maombi, wazazi hutoa nakala za vyeti vya kuzaliwa kwa ajili ya basari, na mafundi hutuma risiti kwa waajiri wao. Humo pia ndimo mhudumu hukabiliwa na ombi linalosemwa kwa sauti ya chini: “Nirekebishie tu hii namba.”

Wengi huliona ombi hilo kuwa dogo. Kwani tarakimu ni moja tu, kazi yenyewe ni ya dakika tano, na malipo hayazidi shilingi mia chache. Lakini sheria ya Kenya haipimi kosa la kughushi kwa ukubwa wa badiliko. Hupima kwa swali moja: je, badiliko hilo linageuza maana na nguvu ya hati, na je, aliyelifanya alikuwa na idhini?

Sheria inavyosema

Kanuni ya Adhabu, ambayo ni Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, hueleza katika kifungu cha 345 kwamba kughushi ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Kifungu cha 347 ndicho hufafanua hati ya uongo ni ipi. Kwanza, ni hati inayojidai kuwa kitu ambacho sicho. Pili, ni hati halisi iliyobadilishwa bila idhini kwa namna ambayo, lau badiliko lingeidhinishwa, lingegeuza athari ya hati hiyo. Kutia sahihi kwa jina la mtu mwingine bila ruhusa yake pia kumetajwa humo.

Kigezo hiki cha athari ndicho ufunguo wa jambo lote. Risiti ina athari ya kuthibitisha kiasi cha fedha kilichopokewa. Cheti cha mtihani kina athari ya kuthibitisha alama. Kitambulisho huthibitisha jina, nambari na tarehe ya kuzaliwa. Anayegusa mojawapo ya mambo hayo ameigusa roho ya hati, hata kama karatasi nzima imebaki jinsi ilivyokuwa.

Mfano wa risiti yenye kosa la kweli

Chukua mfano wa fundi wa rangi aliyetumwa na mwajiri wake kununua mikebe ya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Fundi alilipa Sh3,500, lakini mwenye duka, kwa haraka yake, akaandika Sh2,500 kwenye risiti. Fundi anagundua kosa jioni, duka likiwa limefungwa, na mwajiri anataka risiti ipigwe picha na kutumwa usiku huo huo ili arejeshe fedha. Fundi anaingia saiba na kuomba ile 2 iwe 3.

Hapa hakuna anayetaka kuiba. Fedha anazodai fundi ni zake kweli. Hata hivyo, mhudumu akikubali, wote wawili wamejiweka hatarini. Risiti si kauli ya mnunuzi, bali ni kauli ya muuzaji kwamba amepokea kiasi fulani. Ni yeye pekee mwenye mamlaka ya kuirekebisha. Fundi akiibadilisha, anamwekea muuzaji kinywani maneno ambayo hakuyaandika.

Kifungu cha 348 kinaufunga mlango ambao wengi hudhani uko wazi. Kinasema kuwa nia ya kulaghai huchukuliwa kuwapo ikiwa, wakati hati ya uongo ilipotengenezwa, palikuwa na mtu mahususi, awe anajulikana au la, ambaye angeweza kulaghaiwa nayo. Dhana hiyo haiondolewi na ukweli kwamba mshtakiwa alikuwa na haki, au aliamini ana haki, ya kupata kitu alichokusudia kukipata kwa hati hiyo. Kwa maneno mengine, kusema “zilikuwa pesa zangu” si utetezi wa kutegemewa.

Tena, hila yenyewe hufichuka kwa urahisi. Risiti ya kitabu huandikwa na nakala yake kwa karatasi ya kaboni, na nakala hiyo hubaki dukani ikisema 2,500. Aghalabu kiasi huandikwa pia kwa maneno, na bei za bidhaa moja moja zikijumlishwa hazilingani na jumla mpya. Mwajiri akipiga simu dukani, anayeonekana mwongo ni fundi aliyelipa kwa uaminifu.

Njia sahihi ilikuwa fupi. Fundi angetuma picha ya risiti jinsi ilivyo, pamoja na ujumbe halisi wa M-Pesa unaoonyesha Sh3,500 zilizolipwa, na maelezo kwamba muuzaji amekosea. Asubuhi angerudi dukani, risiti ya kwanza ifutwe na kuandikwa nyingine, au muuzaji akate kiasi kibaya kwa mstari mmoja unaoacha maandishi ya awali yaonekane, aandike kilicho sahihi na kutia sahihi na muhuri.

Vyeti na vitambulisho

Kwa cheti cha mtihani, nafasi ya kujitetea ni finyu zaidi. Anayegeuza alama ya D+ kuwa C- kwenye picha ya cheti cha KCSE hajabadilisha chochote katika kumbukumbu za Baraza la Mitihani ya Kitaifa. Karatasi ni nakala tu ya kumbukumbu hizo, na mwajiri anaweza kuliomba baraza lithibitishe matokeo. Mnamo Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa ukaguzi wa vyeti vya watumishi wa asasi za serikali ulikuwa umefichua vyeti 2,067 vya kughushi. Baadhi ya watu walionaswa kwa makosa ya aina hii wameshtakiwa miaka mingi baada ya kuajiriwa, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi imewafikisha kortini wengine ikitaka warejeshe mishahara yote waliyopokea.

Kughushi ambako hakujawekewa adhabu nyingine huadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka mitatu chini ya kifungu cha 349. Hati rasmi au ya mahakama ikighushiwa, kifungo huweza kufika miaka saba chini ya kifungu cha 351. Anayetumia hati hiyo akijua ni ya uongo naye hubeba adhabu ile ile, kwa mujibu wa kifungu cha 353. Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, nayo inaharamisha kuchezea kitambulisho.

Kwamba kilichobadilishwa ni picha ya kompyuta wala si karatasi hakuleti nafuu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018 inataja kughushi kwa kompyuta katika kifungu cha 25: kuingiza, kubadilisha au kufuta data kwa nia kwamba ichukuliwe kuwa halisi. Faini yaweza kufika Sh10 milioni, au kifungo cha miaka mitano, au vyote viwili.

Mhudumu wa saiba asidhani kwamba anayewajibika ni mteja peke yake. Kifungu cha 20 cha Kanuni ya Adhabu humhesabu anayesaidia au kushawishi kosa kuwa mkosaji sawa na mtendaji. Na hapa mhudumu ndiye mtendaji mwenyewe, kwani ndiye aliyeshika kipanya.

Uhariri unaoruhusiwa

Je, basi ni haramu kugusa picha ya hati kwa namna yoyote? La. Kigezo kile kile cha athari ndicho kinachotenganisha halali na haramu. Kuongeza mwanga wa picha iliyopigwa gizani, kunyoosha iliyopinda, kukata kingo zinazoonyesha meza, kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe, kupunguza ukubwa wa faili ili ikubalike kwenye mtandao wa eCitizen, au kuweka pande mbili za kitambulisho kwenye ukurasa mmoja, yote haya huisaidia hati isomeke vyema. Haisemi jambo jipya.

Vivyo hivyo kuficha. Mtu anayetuma nakala ya kitambulisho anaweza kuifunika nambari yake kwa mstari mweusi, mradi mpokeaji aone wazi kwamba kuna kilichofichwa. Anaweza pia kuandika juu ya nakala, kwa mshazari, kwamba ni ya maombi ya kazi fulani pekee, ili isitumiwe kwingine. Ila ajue kwamba mstari mweusi uliowekwa juu ya maandishi katika baadhi ya programu huweza kuondolewa na mpokeaji. Ni salama kuchapisha nakala iliyofunikwa, kisha kuiskani upya.

Hata hivyo, ukataji una mpaka wake. Kukata picha ya risiti ili kuondoa muhuri wa “IMEFUTWA”, au maneno kwamba kilicholipwa ni sehemu tu ya deni, si kupamba picha. Hakuna tarakimu iliyoguswa, lakini risiti sasa inasema jambo ambalo mwenye kuitoa hakusema.

Picha ya pasipoti nayo ina kanuni hiyo. Mwanga waweza kusawazishwa ili rangi ya ngozi ionekane ilivyo. Kufuta kovu au kubadilisha umbo la uso ni kuharibu kile ambacho picha imewekwa kuthibitisha, yaani sura ya mwenyewe.

Cheti kilichoungua

Suala gumu kuliko yote huzuka baada ya moto, jambo lisilo geni kwa nyumba za mabati za Mukuru. Mtu huokoa cheti kilichoungua pembeni, na alama ya somo moja imetoweka. Anaikumbuka alama hiyo, walimu wake wanaikumbuka, na haina utata. Anamwomba mhudumu aiandike upya kwa herufi zinazofanana na zile za cheti.

Mhudumu anaweza kuiskani karatasi hiyo kwa ubora wa juu na kuongeza weusi wa wino ili maandishi hafifu yaonekane. Akifanya hivyo anatoa nje kile kilichomo. Lakini pale ambapo wino hauonekani tena, akichapa herufi mpya, ameunda kauli ya Baraza la Mitihani kwa mkono wake mwenyewe. Kwamba kauli hiyo ni ya kweli hakumpi mamlaka ya kuitoa.

Mwenye cheti anapaswa kuripoti kituo cha polisi, achukue hati ya taarifa, kisha aombe baraza hilo limpe cheti cha kuchukua nafasi ya kile kilichoharibika. Aliyepoteza kitambulisho huanza vivyo hivyo, kisha huenda kwa Ofisi ya Usajili wa Watu. Njia hiyo ina ada na ina foleni, ilhali saiba iko hatua chache kutoka mlangoni. Lakini cheti kinachotoka kwa mwenye kukitoa kitakubaliana na kumbukumbu kila kitakapokaguliwa, hata miaka 20 baadaye.