Mbu wa Theta Wanakufa Mapema

Kila msimu wa mvua hapa Theta kilio ni kile kile: mbu wamezidi, kaunti ilete watu wa kupuliza dawa. Ukiuliza kwa nini, mtu anakuambia mbu wengi ni malaria nyingi, hiyo si inajulikana? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo siji hapa na gauni la profesa. Lakini hiyo "inajulikana" imekuwa ikipingwa na hesabu tangu 1952, na ushahidi mwingine uko karibu nasi sana, kule kwenye mchele wa Mwea.

Tuanze na mzee mmoja wa jeshi, Ronald Ross. Yeye ndiye 1897, akiwa Secunderabad nchini India, alipasua mbu na kuona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo lake. 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Watu wengi wanaishia hapo. Mimi napenda sehemu ya pili ya maisha yake, aliposhika kalamu na kuanza kupiga hesabu. Alitumwa Morisi kuchunguza malaria, na katika ripoti yake ya 1908 akasema kitu ambacho wenzake hawakukipenda: huhitaji kuua mbu wote. Ukiwapunguza mpaka chini ya kiwango fulani, malaria inakufa yenyewe, hata kama mbu wengine bado wanapiga kelele masikioni mwako.

Kiwango hicho ndicho leo tunakiita R0. Chukua mgonjwa mmoja, muweke kwenye kijiji ambacho hakuna aliyewahi kuambukizwa. Kabla hajapona, mbu watakuwa wametoa ugonjwa kwake na kuupeleka kwa watu wangapi? Kama jibu ni 5, mmekwisha. Kama ni chini ya 1, kila mgonjwa anashindwa kuacha mrithi, na ugonjwa unaisha polepole. Watafiti waliokadiria R0 ya malaria katika jamii 121 za Afrika, 2007, walipata kuanzia karibu 1 hadi zaidi ya 3000. Kumbuka hiyo 3000, tutaihitaji.

Ross alikuwa anafikiria zaidi idadi ya mbu. George Macdonald, wa taasisi ya London iliyopewa jina la Ross, ndiye aliyepanga hesabu upya 1952 ikatoka hivi:

```
R0 = (m × a² × b × p^n) / (r × −ln p)
```

Usikimbie, twende nayo pole pole. m ni mbu wangapi kwa kila mtu mmoja. b ni uwezekano wa mtu kuambukizwa akiumwa na mbu mwenye vijidudu. r ni kasi ya mgonjwa kupona. Hizo zote zimekaa peke yake: ukipunguza m nusu, R0 inapungua nusu. Basi. Umepuliza dimbwi, umefukia shimo, umetoa jasho wiki nzima, umepata nusu.

Sasa angalia a. Hiyo ni mara ngapi kwa siku mbu mmoja anamuuma binadamu, na iko na kipeo cha pili. Sababu ni rahisi sana ukiiona: mbu mmoja lazima aume mara mbili. Mara ya kwanza anachukua kwa mgonjwa, mara ya pili anamwachia mzima. Ukipunguza tabia ya kuuma watu nusu, umeharibu ile ya kuchukua na ile ya kupeleka pia, kwa hivyo R0 inashuka mara nne.

Halafu kuna p na n, na hapa ndipo Macdonald alifanya watu wakune kichwa. p ni uwezekano wa mbu kuamka kesho akiwa hai. n ni siku ambazo vijidudu vinahitaji kuiva ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Kwenye joto la nyuzi 25 hivi, malaria kali inachukua siku 12. Yaani mbu akiuma mgonjwa leo, hana hatari yoyote kesho. Wala kesho kutwa. Lazima aishi siku 12, na mbu siku 12 ni nyingi.

Chukua mbu 100 waliomuuma mgonjwa. Kama 90 katika 100 wanaamka kila siku, baada ya siku 12 wamebaki 28. Shusha kidogo tu, waamke 80 katika 100: siku ya 12 wamebaki 7. Na hao 7 wenyewe hawana siku nyingi mbele za kuuma, hiyo ndiyo kazi ya ile ln p chini ya mstari. Ukijumlisha yote, R0 imeshuka karibu mara 9. Shusha mpaka waamke 60 katika 100, na kati ya mbu 1000 wanafika 2. Idadi ya mbu wanaozaliwa haijaguswa. Asubuhi bado unajikuna. Ila karibu wote wanaokuuma ni vijana wasio na kitu.

Hiyo karatasi ilijaribiwa hapa kwetu. 1950 wataalamu walikutana Kampala kuzungumzia malaria ya Afrika, na wakagawanyika. Macdonald na wenzake walitaka dawa ipulizwe mara moja. Wengine, akiwemo Bagster Wilson wa taasisi ya malaria ya Amani kule Tanganyika, walikuwa na wasiwasi: watu wa hapa wamejenga kinga kwa kuumwa tangu utotoni, je, ukiondoa malaria miaka michache halafu ikarudi, itakuwaje? Swali halikuwa la kijinga hata kidogo. Na ni taasisi hiyo ya Wilson iliyosimamia mradi wa Pare-Taveta, 1954 hadi 1959, ukikanyaga mpaka wa Kenya na Tanganyika.

Hawakuhangaika na madimbwi. Walipuliza dawa ya dieldrin kwenye kuta ndani ya nyumba. Sababu ni kwamba mbu akishashiba damu anakuwa mzito kama msee aliyemaliza sahani mbili za pilau. Anatafuta ukuta wa karibu apumzike ameng'enye. Ukuta ukiwa na dawa, amekwisha. Elewa vizuri hapo: umeshaumwa! Dawa ya ukutani haikukingi wewe usiku huo. Inamkinga jirani ambaye angeumwa na mbu huyo huyo siku 12 baadaye, na ukuta wa jirani unakukinga wewe. Pia dawa inakaa ukutani miezi, kwa hivyo mbu anakutana nayo kila akija kula. Ndiyo maana inakula ile p, siku baada ya siku. Moshi unaopulizwa nje jioni moja unaua waliokuwa wanaruka jioni hiyo, na kesho mambo yanarudi yalipokuwa.

Matokeo? Malaria ilishuka sana, watoto pia. Anofelesi funestus, mbu anayependa kulala ndani ya nyumba na kuuma watu, karibu atoweke kabisa, na dawa iliposimamishwa alichukua miaka kurudi. Kule Pare Kusini nafasi yake ilichukuliwa na binamu yake anayefanana naye sana, Anofelesi rivulorum, ambaye anapenda ng'ombe. Mtu anayehesabu mbu tu kwa macho angesema mradi umefeli, mbu si hao bado wapo? Lakini a ilikuwa imeanguka.

Hata hivyo malaria haikukatika, na mradi ulipoisha ilianza kurudi. Anofelesi gambiae walipungua lakini hawakuisha, juu wengine wao wanapumzika nje na kuuma ng'ombe, kwa hivyo hawakanyagi ukuta wenye dawa. Na hapa rudi kwenye ile 3000. Kama R0 yako ni 1000 na umeishusha mara 200, umefanya kazi kubwa, watoto wengi wamepona, na bado uko kwenye 5. Ndiyo maana Afrika si Ulaya. Dieldrin yenyewe baadaye ilipigwa marufuku kwa sumu yake, na hilo sina ugomvi nalo.

Sasa Mwea. Kutoka Thika shika barabara ya Sagana uendelee, si mbali. Mashamba ya mpunga ni maji mwaka mzima karibu, yaani hoteli ya mbu. Watafiti wa ICIPE na wenzao walilinganisha vijiji vya mpunga na vile visivyo na umwagiliaji, wakachapisha 2004. Vijiji vya mpunga vilikuwa na mbu wa malaria mara 30 hadi 300 zaidi. Waliokutwa na vijidudu huko? Asilimia 0 hadi 9. Vijiji vikavu: 17 hadi 54. Soma tena kama hukuamini.

Maelezo waliyoona yana uzito zaidi ni ng'ombe. Mbu wa Mwea ni Anofelesi arabiensis, na akipata ng'ombe hana haja na wewe. Tuseme mahali pamoja nusu ya milo yake ni watu, na kwingine ni mlo 1 kati ya 20. a imeshuka mara 10, na kwa kipeo R0 imeshuka mara 100. Mbu mara 30 zaidi hawawezi kulipa deni hilo. Mbu mara 300 wangelipa, kwa hivyo sidhani ng'ombe ndio hadithi yote. Mkulima wa mpunga pia ana pesa ya neti na dawa kuliko wa shamba kavu.

Turudi nyumbani. Mbu wengi wanaotusumbua Theta na Ruiru ni kyuleksi wa maji taka, ambao hawabebi malaria kabisa. Na hata anofelesi akiwepo ana shida moja: baridi yetu. Kadiri joto linavyoshuka ndivyo vijidudu vinavyochelewa kuiva, na kuna kanuni ya zamani ya malaria kali, gawanya 111 kwa joto ukitoa 16. Kwa nyuzi 20, ambayo ni kama wastani wetu hapa, inakuja karibu siku 28. Wale mbu wetu 100 wanaoamka 90 kila siku, baada ya siku 28 wamebaki 5. Hapo ndipo kinga yetu ilipo, na hakuna mheshimiwa anayeweza kusema ni yake.

Sasa ongeza nyuzi 2 tu. 111 gawanya kwa 6 ni siku 18 na nusu, na wanaofika wanakuwa 14 badala ya 5. Mbu hawajaongezeka hata mmoja. Ndani ya nyumba ya mabati iliyofungwa madirisha usiku, hizo nyuzi 2 huenda tayari zipo. Kwa hivyo kaunti wakija na mashine yao ya moshi, mimi nitauliza kama wamebeba neti zenye dawa, juu neti inagusa a na p kwa pamoja. Kule Asembo, Siaya, utafiti wa miaka ya tisini ulionyesha hata nyumba zisizo na neti zilipata kinga kama ziko ndani ya mita 300 za zile zilizo nazo.