Mstari wa Wakati wa Mtiririko wa Fedha

Katika hesabu za fedha, mtiririko wa fedha ni fedha zenyewe zinapoingia au kutoka, zikihesabiwa siku zinapopokewa au kulipwa, wala si siku zinapodaiwa au kuandikwa vitabuni. Mstari wa wakati wa mtiririko wa fedha ni mchoro unaoweka kila malipo mahali pake katika muda: huchorwa mstari mmoja wa mlalo, ukagawanywa kwa nukta zilizoachana sawasawa, na juu au chini ya kila nukta kikaandikwa kiasi kinachoingia au kutoka siku hiyo. Baadhi ya waandishi huuita ratiba ya malipo, lakini jina hilo halitoshi, kwa sababu ratiba hutaja tarehe na kiasi tu, ilhali mstari huonyesha pia umbali kati ya malipo na malipo, na umbali huo ndio unaoamua riba ihesabiwe mara ngapi.

Istilahi mbili zinazopaswa kutenganishwa tangu mwanzo ni nukta na kipindi. Nukta ni siku moja, na kipindi ni muda ulio kati ya nukta mbili, tuseme mwaka au mwezi. Fedha hukaa kwenye nukta, na riba hukua ndani ya kipindi. Nukta ya 0 ni leo. Nukta ya 1 ni mwisho wa mwaka wa kwanza, na wakati huohuo ni mwanzo wa mwaka wa pili, kwa hiyo swali linalosema malipo yatafanywa "mwanzoni mwa mwaka wa pili" na lile linalosema yatafanywa "mwishoni mwa mwaka wa kwanza" yanazungumzia nukta moja. Msomaji anayeyasoma maneno hayo bila mchoro huyaona kuwa mambo mawili, naye huweka kati yake mwaka mzima ambao haupo. Aidha, nukta huzidi vipindi kwa moja: kutoka nukta ya 0 hadi ya 5 kuna miaka mitano, lakini anayeweka akiba kwenye kila nukta huwa ameweka mara sita.

Makosa haya yangekuwa madogo kama kanuni za hesabu za fedha zingeeleza zenyewe jibu lake ni la siku gani, lakini hazielezi. Kanuni ya kawaida ya thamani ya sasa ya mfululizo wa malipo sawa, yaani kiasi kimoja ambacho leo kinalingana na malipo yote yajayo baada ya kuondoa riba, imejengwa juu ya dhana kwamba malipo ya kwanza yako kipindi kimoja mbele. Kwa hiyo jibu lake daima huangukia nukta moja kabla ya malipo ya kwanza, hata kama nukta hiyo si leo. Kanuni mwenzake ya thamani ya baadaye, inayojumlisha malipo yote pamoja na riba yake, jibu lake huangukia nukta ileile ya malipo ya mwisho. Wanafunzi wengi huzijua kanuni hizi kwa moyo, lakini hawajui zinaangukia wapi, na hapo ndipo maswali yenye sehemu kadhaa yanapowashinda.

Uchukuliwe mfano wa mzazi anayeanza kuweka akiba Oktoba 2026 kwa ajili ya ada ya chuo kikuu. Ataweka kiasi kilekile kila Oktoba, mara ya mwisho ikiwa Oktoba 2031. Mtoto ataanza masomo Oktoba 2032, na ada ya shilingi 3,000,000 italipwa mwanzoni mwa kila mwaka wa masomo kwa miaka minne. Akiba inapata riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na riba yenyewe huzaa riba. Kiwango hiki kimechaguliwa kwa ajili ya hesabu tu. Swali ni je, mzazi aweke kiasi gani kila mwaka ili ada zote nne zilipwe na akaunti ibaki tupu?

Kabla ya kanuni yoyote kuguswa, mchoro huwa hivi, herufi W ikisimama badala ya kiasi kinachotafutwa, na ada ikiandikwa kwa mamilioni:

```
Nukta   0    1    2    3    4    5    6    7    8    9
        |----|----|----|----|----|----|----|----|----|
Akiba   W    W    W    W    W    W
Ada                                   3    3    3    3
```

Nukta ya 0 ni Oktoba 2026, na nukta ya 6 ni Oktoba 2032. Baada ya kuchora, hatua inayofuata ni kuchagua nukta ya ulinganisho, yaani siku moja ambayo malipo yote yatahamishiwa ili yaweze kujumlishwa au kulinganishwa, kwa kuwa shilingi za siku mbili tofauti haziwezi kujumlishwa kabla ya riba iliyo kati yake kuhesabiwa. Kila kiasi kinachosogezwa mbele kipindi kimoja huzidishwa kwa 1.08, na kinachorudishwa nyuma kipindi kimoja hugawanywa kwa 1.08. Nukta yoyote ingefaa, na jibu lingekuwa lilelile, lakini mchoro unaonyesha kwamba nukta ya 5 ndiyo rahisi kuliko zote: ada ya kwanza iko nukta ya 6, hivyo thamani ya ada zote inaangukia nukta ya 5, na akiba ya mwisho iko nukta ya 5, hivyo thamani ya akiba zote nayo inaangukia hapohapo.

Kwa kanuni ya thamani ya sasa, malipo manne ya shilingi 1 kila moja, kwa riba ya asilimia 8, yana thamani ya 3.312127, na yakizidishwa kwa 3,000,000 ada zote huwa na thamani ya shilingi 9,936,381 kwenye nukta ya 5. Kwa kanuni ya thamani ya baadaye, akiba sita za shilingi 1 kila moja hufikia 7.335929 kwenye nukta hiyohiyo. Kiasi cha kwanza kikigawanywa kwa cha pili, W inakuwa shilingi 1,354,482.

Sasa ifikiriwe hesabu ya mtu asiyechora. Anasoma kwamba masomo yanaanza Oktoba 2032, naye anachukulia kuwa shilingi 9,936,381 ni fedha zinazohitajika siku hiyo. Kisha, kwa uangalifu wote, anazisogeza akiba zake hadi Oktoba 2032 kwa kuzidisha 7.335929 kwa 1.08, anapata 7.922803, na mwishowe anasema mzazi aweke shilingi 1,254,150 kila mwaka. Kila hatua ya kuzidisha na kugawanya ni sahihi, na jibu linaonekana la kuaminika. Kosa ni kwamba thamani ya ada ilikuwa ya nukta ya 5, yeye akaipachika kwenye nukta ya 6 bila kuisogeza, hivyo akapunguza akiba ya kila mwaka kwa shilingi 100,332. Kosa hili halijitokezi mapema. Ada ya kwanza, ya pili na ya tatu zitalipwa bila tatizo, na ni Oktoba 2035, mwanafunzi akiwa anaingia mwaka wake wa mwisho, ndipo itakapoonekana kwamba akaunti ina shilingi 1,998,642 tu wakati ada ni shilingi 3,000,000.

Hapa pana njia ya kujihakikishia isiyohitaji kanuni yoyote, nayo inastahili kufanywa kila mara: kutembea juu ya mstari nukta kwa nukta kama mwenye daftari la akaunti. Kwa jibu sahihi, shilingi 9,936,381 za nukta ya 5 hukua na kuwa 10,731,291 kwenye nukta ya 6. Ada ikitolewa hubaki 7,731,291. Mwaka mmoja baadaye huwa 8,349,794, na baada ya ada hubaki 5,349,794. Hizo hukua hadi 5,777,778, na baada ya ada hubaki 2,777,778. Na mwaka wa mwisho hufikia 3,000,000 kamili, zikaisha pamoja na ada ya nne. Salio lisipofika sifuri, mtu atafute nukta iliyokosewa kabla hajaanza kuhangaika na kikokotozi.

Faida ya mchoro huongezeka swali linapoendelea. Tuseme sehemu ya pili inauliza: ikiwa mzazi atashindwa kuweka akiba ya Oktoba 2029, aongeze kiasi gani kwenye akiba ya mwisho ili ada zisiathirike? Asiyechora huhesabu kwa vidole 2029, 2030, 2031, anapata mitatu, na kuzidisha kwa 1.08 mara tatu. Mwenye mchoro anaiona nukta ya 3 na nukta ya 5, na kati yake vipindi viwili tu. Kwa hiyo nyongeza ni shilingi 1,354,482 ikizidishwa kwa 1.08 mara mbili, yaani shilingi 1,579,868. Sehemu ya kwanza haikuhitaji kurudiwa, kwa sababu mchoro ni uleule na kilichobadilika ni nukta mbili.

Kompyuta haiondoi haja hii, bali huificha. Katika Excel, amri `=PV(0.08,4,-3000000)` hutoa 9,936,381, na amri hiyohiyo ikiongezewa alama za malipo ya mwanzo wa kipindi, `=PV(0.08,4,-3000000,0,1)`, hutoa 10,731,291. Majibu yote mawili ni sahihi: la kwanza ni la nukta ya 5 na la pili ni la nukta ya 6, ingawa programu haisemi. Vivyo hivyo `NPV` huichukulia namba ya kwanza inayopewa kuwa iko mwisho wa kipindi cha kwanza, hivyo anayeingiza humo gharama anayoilipa leo huipunguza kwa riba ya mwaka mmoja bila kujua. Gharama hiyo hupaswa kuachwa nje ya mabano na kujumlishwa kando.

Mstari una mipaka yake. Hauchagui kiwango cha riba, na hauwezi kusahihisha kiwango kisicholingana na vipindi vyake: ikiwa malipo ni ya kila mwezi, nukta ziwe za mwezi na riba nayo iwe ya mwezi. Benki ikitaja asilimia 12 kwa mwaka, ikaihesabu kila mwezi, riba ya kipindi ni asilimia 1, na kwa mwaka mzima hufikia asilimia 12.68. Kwa sababu hiyo kiwango huandikwa juu ya kipindi cha kwanza cha mchoro, mahali ambapo macho hayawezi kukikwepa.

Walimu wanaosahihisha mitihani ya hesabu za fedha wautengee mchoro huu alama zake, nao wanafunzi wauchore hata pale swali lisipoutaka, wakiandika kando ya kila jibu la kati namba ya nukta ambayo jibu hilo linaangukia.