Ruta inapozungumza Kijerumani: Kubadili jina na nywila ya waifai bila kuharibu mipangilio

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nchini Ujerumani hutumia ruta iitwayo FRITZ!Box, ambayo kwa kawaida kurasa zake hufunguka kwa Kijerumani. Anayetaka kubadili jina na nywila ya waifai hahitaji kuijua lugha yote. Anahitaji maneno machache tu, na kuelewa tofauti ya mawili yanayofanana: *Sicherheit* na *Sicherung*. La kwanza lina maana ya usalama, na ndilo linalotafutwa. La pili lina maana ya kuhifadhi nakala ya mipangilio, na ukurasa wake una pia sehemu inayoweza kufuta kila kitu.

Tuchukue mfano wa familia iliyorithi ruta kutoka kwa mpangaji aliyehama, ambaye bado anaijua nywila. Kazi huanzia chini ya ruta, kwenye kibandiko. Hapo huandikwa siri mbili zisizofanana. *WLAN-Netzwerkschlüssel* ni nywila ya waifai, inayoingizwa kwenye simu. *FRITZ!Box-Kennwort* ni nywila ya kuingilia ukurasa wa usimamizi. Ikiwa mpangaji wa awali alibadilisha hii ya pili, iliyo kwenye kibandiko haitakubaliwa.

Kompyuta iunganishwe kwa waya wa mtandao, ili mawasiliano yasikatike jina litakapobadilika. Simu pia yaweza kutumika, ila izimwe data ya laini kwanza. Kwenye sehemu ya anwani ya kivinjari, wala si kwenye kisanduku cha kutafutia, iandikwe:

```
http://fritz.box
```

Isipofunguka, itumike `http://192.168.178.1`. Baada ya kuandika nywila ya usimamizi, bonyeza *Anmelden*, yaani ingia.

Upande wa kushoto kuna orodha. Chagua *WLAN*, kisha *Funknetz*, yaani mtandao wa mawimbi. Jina hubadilishwa penye *Name des WLAN-Funknetzes (SSID)*. Jina la awali mara nyingi hutaja aina ya ruta, na majirani wote huliona. Jipya lisiwe na ukoo wa familia wala namba ya nyumba. Ruta nyingine huonyesha majina mawili, moja la masafa ya 2,4 GHz na jingine la 5 GHz. Yakiachwa tofauti, simu itaonyesha mitandao miwili, na hilo si hitilafu. Bonyeza *Übernehmen*, yaani hifadhi. *Abbrechen* ni kughairi.

Kisha chagua *Sicherheit*, ikiwa bado chini ya *WLAN*. Penye *WLAN-Netzwerkschlüssel* iandikwe nywila mpya. Kanuni inaruhusu herufi 8 hadi 63, lakini inafaa kuandika 16 au zaidi. Ziepukwe herufi ä, ö, ü na ß, kwa kuwa vifaa vingine havizisomi sawasawa. Kibodi ya Kijerumani pia hubadilishana nafasi za y na z, hivyo mtu aliyezoea kibodi ya Kiingereza huweza kuandika nywila tofauti na aliyoikusudia. Aisome kwenye kioo kabla ya kuhifadhi.

Ukurasa huohuo una chaguo la usimbaji. Lililo salama huanza na WPA2, au huunganisha WPA2 na WPA3, ambalo huvipokea pia vifaa vya zamani. Neno *unverschlüsselt* lina maana ya bila usimbaji. Likichaguliwa, yeyote aliye karibu ataingia bila nywila.

Baada ya *Übernehmen*, vifaa vyote visivyo na waya hukatika. Hiyo ndiyo dalili kwamba mabadiliko yamefanyika. Kila simu na televisheni huunganishwa upya kwa jina jipya, na mpangaji wa zamani hubaki nje. Simu ikiendelea kukataa, ifutiwe kumbukumbu ya mtandao wa zamani.

Hatari iko kwenye *System*, kisha *Sicherung*. Hapo kuna sehemu ya *Werkseinstellungen*, yaani mipangilio ya kiwandani. Ikithibitishwa, hufuta si jina na nywila ya waifai pekee, bali pia taarifa za kuingilia mtandao zilizotolewa na kampuni, ziitwazo *Zugangsdaten*. Pasipo barua ya mkataba yenye taarifa hizo, nyumba inaweza kubaki bila intaneti hadi kampuni itakapozituma tena. Kwa sababu hiyo barua hiyo itafutwe kabla ya kuanza. Kila neno lisiloeleweka na ambalo halikutajwa hapa, lisibonyezwe.