Mwigizaji na mhusika katika picha ya filamu

Picha tuli ya filamu humwonyesha mhusika. Aliyekuwa ndani ya mhusika huyo kamera ilipowashwa ni jambo jingine, na mara nyingi picha yenyewe haitoshi kumtambulisha. Hakuna mfano unaolidhihirisha hilo vizuri kuliko Darth Vader, adui mwenye kinyago cheusi katika filamu za Star Wars alizozibuni George Lucas.

Katika filamu ya kwanza, mwaka 1977, vazi la Vader lilivaliwa na David Prowse, Mwingereza mnyanyua vyuma mwenye kimo cha karibu mita 2. Sauti ilikuwa ya Mmarekani James Earl Jones, ambaye aliomba mwenyewe jina lake lisiandikwe mwishoni mwa filamu. Kwa hiyo hata orodha rasmi ya waigizaji, chanzo ambacho kwa kawaida ndicho cha kwanza kuaminiwa, ilinyamaza kuhusu mmoja wa watu wawili waliomjenga mhusika huyo.

Ilipofika The Empire Strikes Back, mwaka 1980, aliongezeka mtu wa tatu. Katika mapigano ya panga, aliyevaa kinyago alikuwa Bob Anderson, bingwa wa mchezo wa kitara aliyeiwakilisha Uingereza katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Watazamaji wengi hawakulijua hilo hadi mwaka 1983, pale Mark Hamill, aliyeigiza Luke Skywalker na kupambana naye ana kwa ana, alipolisema katika mahojiano ya jarida. Ushahidi wa namna hiyo una uzito: msemaji anajulikana, alikuwepo, na maneno yake yamechapishwa yakiwa na tarehe. Kukisia kwa kimo hakufai, maana pembe ya kamera na soli nene huweza kumrefusha mtu.

Return of the Jedi ya mwaka 1983 inaleta ugumu wa aina nyingine. Kinyago kinapovuliwa, uso unaoonekana ni wa Sebastian Shaw. Shaw huyohuyo alionekana mwishoni kama mzuka wa Anakin Skywalker, yaani Vader kabla hajawa Vader, lakini katika toleo la DVD la mwaka 2004 mahali pake akawekwa Hayden Christensen. Filamu ni ileile na onyesho ni lilelile, ila nyuso ni mbili. Anayeandika maelezo ya picha ya mzuka huo bila kutaja toleo anaweza kutoa jina sahihi la mtu asiyekuwepo pichani.

Maelezo salama hutenganisha madai. "Darth Vader katika The Empire Strikes Back (1980)" yanathibitishwa na filamu yenyewe. Kuongeza "akiigizwa na Bob Anderson" ni dai la pili, nalo linadai chanzo kinachohusu onyesho hilohilo. Kisipopatikana, jina la mhusika na la filamu hubaki peke yake.