Kona za Seremala

Msomaji wa leo akisikia "programu" hufikiria kompyuta au simu. Ndiyo maana tafsiri ya "linear programming" kuwa "programu mstari", inayomjia haraka mtu anayeswahilisha neno kwa neno, humpoteza msomaji tangu mlangoni. Mwaka 1947, Mmarekani George Dantzig alipobuni hesabu hii akiwa mtaalamu wa Jeshi la Anga la nchi yake, programu kwa lugha ya wanajeshi ilikuwa ni mpango wa mafunzo na ugavi: nani aende wapi, na vifaa gani, lini. Jina ambalo Dantzig aliipa hesabu hiyo lilikuwa refu. Mwanauchumi Tjalling Koopmans ndiye aliyependekeza, mwaka 1948, lifupishwe. Kwa hiyo kinachotajwa ni kupanga, na Kiswahili kinacho kitenzi hicho tayari. "Upangaji wa kimstari" unatosha. Mstari umo kwa sababu kila sharti likichorwa kwenye grafu hutoa mstari ulionyooka.

Tumchukue seremala mwenye mbao 96 na saa 48 za kazi kwa wiki. Meza moja inakula mbao 8 na saa 6, kwa kuwa ina droo na nakshi. Kitanda kinakula mbao 12 lakini saa 4 tu. Meza inamwachia faida ya shilingi 30,000, kitanda 40,000. Atengeneze meza ngapi na vitanda vingapi ili faida iwe kubwa kabisa?

Idadi ya meza iitwe x, ya vitanda y. Masharti yake ni haya, na alama ≤ isomwe "haizidi":

```
8x + 12y ≤ 96   (mbao)
6x + 4y ≤ 48    (saa)
x ≥ 0, y ≥ 0
```

Mstari wa mbao unapita (12, 0) na (0, 8). Wa saa unapita (8, 0) na (0, 12). Ili kujua upande upi wa mstari unakubalika, huchukuliwa nukta rahisi kama (0, 0): asiyetengeneza chochote hatumii ubao wala saa, basi upande wenye nukta hiyo ndio wenyewe. Sehemu inayotimiza masharti yote kwa pamoja ndiyo "eneo wezekani". Hapa ni umbo la pande nne.

Sasa kona zake. Wapo wanaosema "vipeo", lakini mtoto aliyefundishwa kuwa 5 kwa kipeo cha pili ni 25 atachanganyikiwa. "Pembe" nayo hupimwa kwa digrii. "Kona" inajulikana hata na kondakta wa daladala, na haina kazi nyingine katika hesabu.

Kwa nini kona pekee zijaribiwe, ilhali eneo lina nukta zisizohesabika? Weka rula juu ya grafu, iwe mstari wa nukta zote zenye faida sawa, tuseme 120,000. Faida ikipanda, rula husogea kuelekea nje bila kubadili mwinamo wake. Isogeze hadi inapokaribia kuliacha eneo: mahali pa mwisho inapogusa ni kona, au upande mzima ikiwa rula na upande huo vinalala sambamba. Hata hapo, ncha za upande ni kona.

Kona ni nne. (0, 0) haina kitu. (8, 0) inatoa 240,000 na (0, 8) inatoa 320,000. Ya nne ni pale mistari miwili inapokatana, (4.8, 4.8), yenye 336,000.

Wanafunzi wengi huteleza hapa kwa kujaribu pia (0, 12), ambayo ingetoa 480,000. Inavutia, ila vitanda 12 vinahitaji mbao 144. Nukta hiyo iko kwenye mstari wa saa lakini nje ya eneo. Dawa ni kuirudisha kila kona kwenye masharti yote, hata yale ambayo haikutokana nayo.

Linabaki tatizo la seremala mwenyewe: nani atanunua meza 4.8? Kupandisha hadi (5, 5) kunadai mbao 100. Kushusha hadi (4, 4) kunaleta 280,000, pungufu kuliko angetengeneza vitanda 8 vitupu. Jibu bora la namba kamili ni (3, 6): mbao zote 96, saa 42, faida 330,000. Nukta hii si kona. Imekaa kwenye mstari wa mbao, na kuipata inabidi zipimwe nukta za namba kamili zilizo ndani ya eneo. Lakini kama meza iliyoanzwa Ijumaa inaweza kumaliziwa Jumatatu, 4.8 ni wastani halali: meza 24 na vitanda 24 kwa wiki tano, na faida ya 1,680,000.