Kauli ya Mthibitishaji na Kiapo cha Mfasiri: Hati ya Uwakala ya Kihispania katika Kiswahili

Amri iliyotolewa Alcalá mwaka 1503 iliwalazimu waandishi wa hadhara wa Kastilia kuziweka katika daftari hati walizoziandika. Sheria ya tarehe 28 Mei 1862 ikamtaja mrithi wao, notario, kuwa mtumishi wa serikali mwenye idhini ya kuthibitisha mikataba na mambo mengine yasiyo ya mahakamani. Tangu hapo hati ya asili hukaa kwake, na kinachomfikia mfasiri ni nakala rasmi tu. Yafaa tafsiri iseme hivyo.

Katika hati hiyo maneno mazito ni mawili: «doy fe». Anayeyafasiri neno kwa neno huandika «natoa imani», na msomaji hudhani habari ni ya dini. Mwingine huandika «nashuhudia», naye humshusha notario awe shahidi wa kawaida. Shahidi husadikiwa au hukanushwa. Kauli ya notario, kwa cheo chake, huaminiwa na wote mpaka ibatilishwe. Kwa hiyo yafaa kuandika: «nathibitisha kwa mamlaka ya wadhifa wangu».

Jambo la pili ni mfululizo wa vitenzi vinavyoelekea kurudiana. Tuseme mjane aliyeko Las Palmas amemwidhinisha nduguye aliyeko Mombasa «kuuza, kuhamisha, kubadilishana na kuweka rehani» kiwanja chake. Mfasiri mpenda ufupi huandika «kushughulikia mali yake yote». Hapo ameharibu hati. Kwa kifungu cha 1713 cha Sheria ya Madai ya Hispania ya mwaka 1889, uwakala uliotajwa kwa jumla hauvuki mipaka ya usimamizi. Kuuza na kuweka rehani hutaka idhini iliyotajwa waziwazi. Basi kila kitenzi hakina budi kupewa mwenziwe. Na kwa kuwa «wakili» katika Kiswahili ni mwanasheria pia, ni heri huyo ndugu aitwe «wakala».

Alama ya notario, sahihi na mihuri havichorwi tena, bali hutajwa katika mabano ya mraba: [Alama na sahihi ya notario]. Mabano hayo huonyesha kwamba anayesema ni mfasiri.

Mwisho huja kauli ya mfasiri mwenyewe: «Mimi, mfasiri niliyeapishwa, natamka kwamba maandiko yaliyotangulia ni tafsiri aminifu na kamili katika Kiswahili ya hati iliyoandikwa kwa Kihispania», pamoja na mahali, tarehe na sahihi. Kitenzi «natamka» kimechaguliwa kwa makusudi. Kihispania humpa notario kitenzi kimoja na mfasiri kingine. Wote wawili wakiandika «nathibitisha», afisa wa ardhi aweza kudhani kwamba mfasiri ameuhakikisha uwakala wenyewe, ilhali alichokiapia ni maneno yake tu.